Fosfokreatini ndani ya msuli: akiba au usafiri? Ulinganisho wa maelezo mawili

Mtu anayetakiwa kueleza jinsi nishati inavyotoka kwenye mitokondria hadi kwenye miosini inayovuta, awe anaandaa somo, anapanga jaribio au anasoma kipimo cha mgonjwa, hukutana na maelezo mawili yanayotumia molekuli zilezile na kimeng'enya kilekile lakini yanayodai mambo tofauti. Maelezo ya akiba yanasema kwamba fosfokreatini ni ghala: msuli unapoanza kufanya kazi ghafla, ghala hilo hurudisha ATP, molekuli inayoupa msuli nishati ya kukaza, papo hapo wakati mitokondria bado zinajivuta. Maelezo ya usafiri yanasema kwamba fosfokreatini ndiyo inayosafiri: mitokondria huipakia fosfati kwenye kreatini, fosfokreatini huenda hadi kwenye nyuzi zinazokaza, huko fosfati hupakuliwa ili kuunda ATP, kisha kreatini tupu hurudi ilikotoka. Kwa maelezo ya kwanza kinachotatuliwa ni tatizo la muda, na kwa ya pili ni tatizo la umbali. Vitabu vingi huyaweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja na kumwachia msomaji achague mwenyewe, jambo ambalo si rahisi kama linavyoonekana.

Yale ambayo maelezo yote mawili yanakubaliana

Kimeng'enya kinachohusika ni kreatini kinasi, na kazi yake inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja:

PCr + ADP + H⁺ ⇌ ATP + Cr

PCr ni fosfokreatini, Cr ni kreatini, na ADP ni ATP iliyopoteza fosfati moja. Mmenyuko huu huenda pande zote mbili, na kimeng'enya hiki ni kingi na chepesi kiasi kwamba katika msuli uliopumzika mmenyuko wote huwa karibu sana na msawazo. Lawson na Veech walipima kiwango cha msawazo huo mwaka 1979 na kupata takriban 166 kwa pH 7.0, penye magnesi huru ya milimola 1 kwa lita. Namba hiyo ni muhimu kwa sababu ADP huru iliyomo ndani ya seli ni ndogo mno kupimwa moja kwa moja, hivyo hukokotolewa hivi:

ADP = (ATP × Cr) / (166 × PCr)

Tuchukue msuli wa paja wa binadamu aliyepumzika. ATP ni takriban milimola 8.2 kwa lita ya maji ya seli, fosfokreatini takriban 33, na kreatini isiyobeba fosfati takriban 9. Ukizidisha 8.2 kwa 9 unapata 73.8, ukizidisha 166 kwa 33 unapata 5,478, ukigawanya unapata milimola 0.0135, yaani mikromola 13 hivi. Kwa maneno mengine, mahali penye kreatini milimola 9, ADP huru ni mikromola 13 tu, tofauti ya karibu mara 700. Tofauti hii ndiyo chimbuko la mjadala wote, na ningemshauri yeyote anayelisoma jambo hili aifanye hesabu hiyo kwa mkono wake mara moja, kwa sababu michoro yenye mishale minene huificha.

Kimeng'enya hiki pia kina maumbo zaidi ya moja. Umbo la msuli huelea ndani ya maji ya seli, na sehemu yake hushikamana na mstari wa M katikati ya sarkomea, kile kipande kidogo cha uzi kinachokaza, hatua chache kutoka kwenye miosini inayovunja ATP. Umbo la mitokondria hukaa katika nafasi iliyo kati ya tando zake mbili, likiwa limeunganika nane nane na kushikamana na kadiolipini, aina ya mafuta ya utando wa ndani, karibu kabisa na kibadilishaji kinachotoa ATP na kuingiza ADP. Watetezi wa akiba hawakani kwamba maumbo haya yapo. Wanachouliza ni iwapo mahali yalipokaa panaleta tofauti yoyote.

Upande wa akiba

Nguvu ya maelezo ya akiba huonekana vizuri zaidi katika uzi mweupe wa kasi, ule unaotumika katika mbio fupi. Tuchukulie kwamba uzi huo unatumia ATP kwa kasi ya milimola 3 kwa lita kila sekunde. Milimola 8 za ATP zilizopo zingekwisha kabla ya sekunde ya tatu, na kwa kweli msuli ungeshindwa kufanya kazi mapema zaidi, kwa kuwa miosini na pampu za kalsi haziwezi kungoja hadi tone la mwisho. Fosfokreatini ya milimola 33 inasogeza mpaka huo hadi zaidi ya sekunde kumi. Katika sekunde hizo mitokondria hazina mchango mkubwa: katika uzi mweupe ni chache, na upumuaji wake huchukua makumi ya sekunde kufikia kasi ya juu. Kusema kwamba nishati ya wakati huo inasafirishwa kutoka mitokondria ni kusema jambo lisilotokea, kwa sababu fosfati inayotumika ilikuwa tayari imo ndani ya uzi, imelala pembeni mwa miosini tangu mapumziko yaliyotangulia.

Ushahidi wa wazi ulitoka kwa panya waliozaliwa bila kreatini kinasi ya umbo la msuli, walioelezwa mwaka 1993. Misuli yao ilikaza, lakini ilikosa ule mfyatuko wa mwanzo ambao msuli wa kawaida huutoa unaposisimuliwa ghafla; walipopewa muda, waliweza kuendelea na kazi ya taratibu. Hivyo ndivyo hasa mtu angetarajia kwa kiumbe aliyenyang'anywa akiba: anaweza kuishi kwa kipato cha kila siku, ila hana cha kukimbilia dharura inapoingia.

Maelezo haya yana faida nyingine ya kivitendo, nayo ni kwamba yanahitaji dhana chache. Seli inachukuliwa kama chungu kimoja kilichokorogwa vizuri, msawazo unatumika kila mahali, na kipimo cha mwangwi wa sumaku wa fosforasi kinatosha kuyajaribu. Mtu aliyelala ndani ya mashine akikaza paja lake, kilele cha fosfokreatini hushuka huku kilele cha fosfati huru kikipanda, na anapopumzika fosfokreatini hurudi kwa mkunjo laini ambao nusu ya kwanza huchukua takriban nusu dakika kwa mtu mwenye afya. Kasi ya kurudi inaonyesha uwezo wa mitokondria, na kwa hesabu hiyo hakuna haja ya kujua nani alisafiri kwenda wapi.

Udhaifu wake ni mmoja, lakini ni wa msingi: maelezo ya akiba hayasemi lolote kuhusu moyo. Moyo haupumziki ukajaza ghala. Katika kazi ya kawaida, hata mzigo unapoongezeka kiasi, fosfokreatini ya moyo hubadilika kidogo tu, ilhali ATP inatumika na kuundwa upya mfululizo. Ghala ambalo halipungui wala kujazwa kwa namna ya kuonekana haliwezi kuwa jibu la kutosha kwa swali la kwa nini limewekwa pale.

Upande wa usafiri

Bessman na Geiger walipoandika mwaka 1981 kuhusu usafirishaji wa nishati ndani ya msuli, walichora picha ambayo imebaki vichwani mwa wengi: ATP ya mitokondria haiendi mbali, ni fosfokreatini inayotoka kwenda kwenye nyuzi. Picha ni nzuri, lakini ndani yake mna madai mawili yaliyofungwa pamoja, na asiyeyatenganisha hataweza kulinganisha chochote.

Dai la kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya fosfati inayovuka kutoka mitokondria hadi miosini huvuka ikiwa imebebwa na fosfokreatini. Meyer, Sweeney na Kushmerick walionyesha mwaka 1984 kwamba hili hutokea lenyewe palipo na msawazo, bila kuhitaji muundo wowote maalumu, na unaweza kuliona kwa kuendeleza hesabu yetu. Tuseme karibu na nyuzi kreatini imepanda kutoka milimola 9 hadi 10, na fosfokreatini imeshuka kutoka 33 hadi 32. ADP ya mahali hapo sasa ni 82 kugawanywa kwa 5,312, yaani mikromola 15.4. Kreatini imebadilika kwa mikromola 1,000 na ADP kwa mikromola 2 tu. Kwa kuwa molekuli husambaa kufuata mteremko wa ukolezi, na mteremko wa kreatini ni takriban mara 500 ya ule wa ADP, karibu mzigo wote utapita njia ya kreatini na fosfokreatini. Kreatini na fosfokreatini pia ni molekuli ndogo kuliko ADP na ATP, jambo linalozisaidia kusambaa kwa wepesi kidogo zaidi. Kwa maana hii usafiri si nadharia inayopingana na akiba. Kimeng'enya kilekile kinachotunza ghala, kikiwa karibu na msawazo kila mahali, kinageuka kuwa msafirishaji pasipo kuongezewa kitu.

Dai la pili ni zito zaidi: kwamba bila njia hii nishati isingefika. Hapa ndipo umbali unapoingia, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Katika seli ya moyo wa mamalia, mitokondria huchukua karibu theluthi moja ya ujazo na hupangwa safu safu kati ya nyuzi, hivyo safari ni ya takriban mikromita 1. Tofauti ya ukolezi inayohitajika kusukuma mzigo inakadiriwa kwa kuzidisha kasi ya matumizi kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kigezo cha msambao. Tukichukua matumizi ya milimola 1 kwa lita kwa sekunde na kigezo cha mikromita 200 za mraba kwa sekunde, tunapata milimola 0.0025, yaani mikromola 2.5. ADP huru ya moyo hukadiriwa kuwa makumi kadhaa ya mikromola, kwa hiyo ADP yenyewe ingeweza kuubeba mzigo huo bila msaada. Ongeza umbali hadi mikromita 30 na mambo yanageuka: 30 mara 30 ni 900, na tofauti inayohitajika inapanda hadi milimola 2.25. ADP haiwezi kamwe kutoa mteremko kama huo, kwa sababu yote iliyopo haifiki hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho, ilhali fosfokreatini na kreatini, zenye makumi ya milimola, zinaweza.

Mfano safi kabisa wa umbali wa namna hiyo, kwa bahati ya kuchekesha, hauko msulini. Mbegu ya kiume ya kinyanya cha bahari, mnyama mwenye miiba, ina mitokondria chini tu ya kichwa na mkia wa makumi ya mikromita, na kreatini kinasi yake inapozuiwa kwa dawa, mawimbi ya mkia hufifia kadiri yanavyokwenda mbali na kichwa. Huo ni usafiri uliokatika, na unaonekana kwa hadubini.

Je, moyo basi hauna haja ya usafiri? Watetezi wake wana jibu, nalo haliegemei umbali bali kizuizi. Wanasema kwamba utando wa nje wa mitokondria ndani ya seli ya moyo haupitishi ADP kwa urahisi, hivyo mikromita moja yenye mlango uliofungwa nusu inakuwa ndefu kuliko kumi zilizo wazi. Kreatini, kwa upande wake, hupita, na kimeng'enya kilichokaa kati ya tando mbili huitumia kuzalisha ADP palepale kwenye mlango wa kibadilishaji.

Jaribio linaloweza kuamua, na mahali linapodanganya

Jibu hilo linaweza kujaribiwa. Nyuzi chache za msuli hutobolewa utando wake wa nje wa seli kwa saponini, ambayo hushambulia tando zenye kolesteroli nyingi na kuziacha mitokondria zikiwa nzima mahali pake. Nyuzi huwekwa kwenye chemba ya kupimia oksijeni, ADP huongezwa hatua kwa hatua, na mtafiti hutafuta ukolezi wa ADP unaoufikisha upumuaji nusu ya kasi yake ya juu. Mitokondria zilizotengwa kabisa hutoa takriban mikromola 10 hadi 20. Nyuzi nyeupe za kasi hutoa namba inayokaribiana na hiyo. Nyuzi za moyo na za msuli mwekundu wa taratibu hutoa takriban mikromola 300, na kreatini ikiongezwa kwenye chemba, namba hiyo hushuka hadi chini ya 100. Kwa macho yangu huu ndio ushahidi bora wa maelezo ya usafiri katika msuli wa mamalia, kwa sababu unaonyesha mambo mawili kwa mkupuo: kuna kitu kinachoizuia ADP ya nje, na kreatini inakizunguka kitu hicho.

Kuna njia ya kulibana jaribio hili zaidi. Huongezwa piruveti kinasi pamoja na fosfoenolpiruveti, ambazo kwa pamoja huinasa ADP yoyote inayoelea nje ya mitokondria na kuigeuza kuwa ATP kabla mitokondria hazijaipata. Kama upumuaji unaochochewa na kreatini ungetegemea ADP inayozunguka nje, ungezimika kabisa. Katika nyuzi za moyo hauzimiki wote. Sehemu yake huendelea, ishara kwamba kuna ADP inayozalishwa na kutumika ndani ya mlango bila kutoka nje.

Hata hivyo namba kubwa haimaanishi kizuizi siku zote, na hili nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kupata mikromola zaidi ya 200 kwenye nyuzi nyeupe, nikafurahi nikidhani nimegundua jambo. Mwalimu wangu aliziangalia nyuzi zangu chini ya hadubini, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hujazichambua hizi, umeleta kamba." Nyuzi zilikuwa zimebaki vifungu vinene, na ADP ilikuwa inachelewa kusambaa katikati ya kifungu, si kwenye utando wa mitokondria. Nilipozitenganisha vizuri namba ilishuka. Tangu siku hiyo kipimo kama hiki sikiamini kabla ya kujua vifungu vilikuwa vinene kiasi gani na kama oksijeni ndani ya chemba ilitosha kufika katikati yake.

Kipimo cha upande wa akiba nacho kina shimo lake. Mtu anapotumia mwangwi wa sumaku wa fosforasi kukokotoa ADP katikati ya zoezi kali, husahau kwamba ioni ya hidrojeni imo kwenye mmenyuko. Fosfokreatini ikishuka hadi nusu, yaani 16.5, na kreatini ikipanda hadi 25.5, hesabu ya pH 7.0 inatoa ADP mikromola 76. Lakini msuli ukiwa umechachuka hadi pH 6.7, ukolezi wa ioni ya hidrojeni umekaribia maradufu, na kigawanyio nacho kinakaribia maradufu, hivyo ADP halisi ni karibu 38. Kosa la nusu nzima hutokea bila namba yoyote kuonekana ya ajabu. Tena kipimo hiki kinasoma wastani wa mabilioni ya seli, kwa hiyo hakiwezi peke yake kukuambia kama ADP ya kwenye mstari wa M ni sawa na ile ya kwenye mlango wa mitokondria, na anayekitumia kukanusha usafiri anakibebesha mzigo kisioweza kuubeba.

Uchague lipi, kwa msuli upi

Kwa uzi mweupe wa kasi na kazi ya sekunde chache, ningechagua akiba bila kusita. Namba ya ADP ya nusu kasi ni ndogo, mitokondria ni chache, na panya wasio na kimeng'enya walipoteza kile hasa ambacho akiba hutoa. Katika somo la mbio fupi, mshale unaotoka mitokondria hadi miosini kupitia fosfokreatini unapotosha, isipokuwa uchorwe kwa wakati wa kupumzika, ambapo mitokondria zinajaza ghala upya na usafiri unafanyika kweli, kimya kimya.

Kwa moyo na msuli mwekundu wa taratibu, ningechagua usafiri, lakini lile dai la kwanza peke yake: kwamba njia kuu ni fosfokreatini. Dai la pili, kwamba bila njia hiyo nishati haifiki, limegongana na panya ambao hawawezi kabisa kutengeneza kreatini. Wanyama hao, waliochunguzwa na kuripotiwa mwaka 2013, waliweza kufanya mazoezi kwa kiwango kinachokaribiana na wenzao wa kawaida. Mtu anaweza kujibu kwamba mwili uliokosa njia tangu kuzaliwa hujenga nyingine, na jibu hilo lina uzito: misuli ya panya wasio na kreatini kinasi huongeza mitokondria na kuzisogeza karibu zaidi na nyuzi, yaani inapunguza umbali badala ya kutafuta msafirishaji mpya. Lakini hata jibu hilo linakubali kwamba usafiri ni njia mojawapo ya kulitatua tatizo, wala si ya pekee.

Kuna pia mshindani wa tatu anayestahili kutajwa, ingawa hakuwemo katika mjadala wa awali. Mwaka 2015 Glancy, Balaban na wenzao walionyesha kwamba mitokondria za msuli wa panya huungana na kuwa wavu, na kwamba volteji ya utando wa ndani inaweza kupita katika wavu huo kutoka ukingoni mwa uzi hadi katikati. Kwa njia hiyo nishati husafiri kama umeme badala ya molekuli, na ATP huundwa karibu na mahali inapotumika. Hili halifuti fosfokreatini, kwa kuwa kutoka kwenye wavu hadi kwenye miosini bado kuna hatua ya mwisho, ila linaifanya hatua hiyo kuwa fupi. Anayechora uzi mwekundu wenye mitokondria nyingi ukingoni asidhani kwamba safari yote ya kuingia ndani ni ya fosfokreatini.

Na kwa nyuzi nene ambazo mitokondria zake ziko mbali, kama zile za kaa wakubwa ambazo upana wake hupita mikromita mia kadhaa, usafiri ndilo chaguo pekee linalopita kwenye hesabu, japo kwa kaa mbebaji ni fosfati ya arginini na kimeng'enya ni ndugu wa kreatini kinasi. Huko hata mbebaji mwenyewe huzidiwa, na kujaza akiba baada ya kukurupuka huchukua muda mrefu mno ukilinganisha na nusu dakika ya paja la binadamu.